Mgeni njoo, mwenyeji apone: je, video mpya huziamsha za zamani?

Najua nimekuwa kimya. Mambo ya testi, asaimenti na foleni ya kantini mnayajua wenyewe, sina haja ya kuyaeleza. Leo nawaletea ubishi uliokula muhula mzima hapa chumbani kwetu, na mwisho wake ukaamuliwa na sarafu ya mia mbili.

Kwa wasiojua, mimi na rumeti wangu tuna kachaneli ketu YouTube. Tunafundisha takwimu kwa Kiswahili, kwa ajili ya wale wa mwaka wa kwanza wanaotoka lekcha wakiwa wamenakili kila kitu na hawajaambulia kitu. Tuna video 43. Si chaneli ya mastaa, kwa siku tunapata mitazamo kama mia mbili hivi, yaani video zetu zote zikijumlishwa zinafunguliwa mara mia mbili. Kwetu ni nyingi, lekcharumu ya hapa haijai hivyo Ijumaa mchana.

Sasa rumeti ana imani moja kubwa. Anasema ukitupia video mpya, si hiyo tu inayotazamwa, bali zile za zamani nazo zinaamka. Mtu anaingia kwa ajili ya mpya, anaona nyingine pembeni, anabofya, anazama. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo hoja yake ni kwamba tutupie mbili kila wiki, hata wakati wa UE, kwa sababu kila moja "inalipa mara mbili". Tatizo ni kwamba video moja inatugharimu usiku mzima, maana tunarekodi saa nane za usiku korido ikiwa imetulia, na bando la kupakia linatoka kwenye bumu. Na rumeti mwenyewe alikuwa na supu moja inamsubiri. Kwa hiyo swali halikuwa la mzaha: hiyo nuru ya video mpya juu ya za zamani ipo kweli, na kama ipo, ni kubwa kiasi gani?

Ushahidi wake ulikuwa grafu. Ukiingia kwenye takwimu za chaneli unaona mstari mmoja wa jumla ya kila siku, na siku tukitupia video, mstari unapanda kama mnazi. Akanionyesha wiki moja ya muhula wa kwanza. Tulikuwa tumetupia "Uwezekano, sehemu ya pili", na wiki ile chaneli ilipata mitazamo 2,390. Wiki nne za kawaida kabla yake, ambazo hatukutupia kitu, zilikuwa 1,310, 1,420, 1,365 na 1,385, wastani 1,370. "Unaona, mzee?" akasema. "Elfu moja na ishirini zaidi! Hiyo ndiyo nuru."

Polepole kwanza. Jumla ya chaneli ina kila kitu ndani yake, pamoja na mgeni mwenyewe. Huwezi kusema mwenyeji kapona kwa kuhesabu sahani alizokula mgeni. Lazima uitoe video mpya kwanza, ubaki na za zamani peke yake, halafu ndiyo ulinganishe na siku zao za kawaida. Yaani hivi:

```
nuru = (jumla ya chaneli - video mpya) - kawaida ya za zamani
```

Kuzipata namba hizo si kazi. Kwenye takwimu za chaneli, ukifungua ile sehemu ya juu zaidi na kupakua, unapata faili kadhaa. Moja inaitwa `Totals.csv`, ina tarehe na jumla ya chaneli kwa kila siku. Halafu unafungua video mpya peke yake, unapakua za kwake, unazitoa siku kwa siku. Hata kama chaneli si yako unaweza kujaribu. Jumla ya mitazamo ya chaneli huonekana kwenye maelezo yake, na ya kila video huonekana chini yake. Ukiziandika kwenye daftari kila siku saa ileile, tofauti ya leo na jana ndiyo mitazamo ya siku.

Tukafanya hivyo. Video mpya ilikuwa imetazamwa mara 780 wiki ile. Kwa hiyo za zamani zilipata 2,390 toa 780, sawa na 1,610. Toa 1,370 za kawaida, zinabaki 240. Ile elfu moja na ishirini imenywea mpaka mia mbili na arobaini. Rumeti hakutetereka. "Hata hiyo ni asilimia kumi na saba na ushee," akasema, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kabla sijaendelea, niwape mtego mmoja ambao ulituchekesha sana. Kuna video nyingine tuliitupia Alhamisi saa mbili asubuhi, na kwenye grafu mstari ukaanza kupanda Jumatano. Rumeti akasema watu walihisi inakuja! Ukweli ni kwamba siku ya YouTube kwenye takwimu hizo huhesabiwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki siku yao inaanza saa nne asubuhi, na kuanzia Novemba mpaka Machi wanapobadili saa zao, inaanza saa tano asubuhi. Kwa hiyo kitu ukikitupia Alhamisi saa mbili asubuhi, kwao bado ni Jumatano usiku. Kama unalinganisha "siku ya kabla" na "siku ya baada", tayari umeshachanganya madawa. Sisi tukaamua kutupia saa moja jioni, ambayo kwao ni asubuhi ya tarehe ileile, na hatuangalii siku mojamoja tena. Tunahesabu siku saba kamili kuanzia siku ya kutupia. Siku saba zina faida nyingine pia. Chaneli yetu inapanda Jumapili jioni na Jumatatu, maana hapo ndipo watu wanakumbuka kuna tutorio, na inalala Ijumaa na Jumamosi. Ukilinganisha Jumapili ya baada na Alhamisi ya kabla, utaita Jumapili nuru. Wiki nzima kwa wiki nzima, kila upande una Jumapili yake moja.

Na wale wenye video fupi za Shorts, angalieni zaidi. Tangu tarehe 31 Machi 2025 mitazamo ya Shorts inahesabiwa kila inapoanza kucheza au kurudia, bila kujali mtu kaitazama kwa muda gani. Jumla ya chaneli inachanganya hizo na video ndefu. Ukilinganisha kabla ya tarehe hiyo na baada yake, utaona kuruka ambako hakuna uhusiano wowote na ulichotupia. Sisi hatuna Shorts, kwa hiyo tulipona.

Turudi kwenye 240. Maswali yalikuwa mawili. La kwanza, je, 240 ni kubwa au ni mawimbi tu? Kila wiki namba inapanda na kushuka yenyewe bila sababu. Hapa tukatumia kitu nilichokiita video hewa, kama wale wafanyakazi hewa wa kwenye orodha za mishahara. Unachagua tarehe ambayo hukutupia kitu, unajifanya ulitupia, unapiga hesabu ileile. Kwa kuwa hakuna video, jibu linapaswa kuwa karibu na sifuri, na likiondoka kwenye sifuri unajua ukubwa wa mawimbi. Tukachagua tarehe tano za wiki tulivu. Tukapata toa 55, jumlisha 40, toa 20, jumlisha 70 na jumlisha 10. Kwa hiyo mawimbi ya chaneli yetu hayavuki 70 kirahisi. 240 iko mbali na hapo. Rumeti akapiga makofi.

Swali la pili ndilo lenye mwiba. Je, ni video mpya iliyoziinua zile za zamani, au kuna kitu kingine kiliwaleta watu wote kwa pamoja? Wadau, jiulizeni, kwa nini tulitupia "Uwezekano, sehemu ya pili" wiki ile na si nyingine? Kwa sababu testi ya kwanza ilikuwa inakuja! Tulitaka kuwasaidia watu. Na watu wanaokaribia testi hawasubiri sisi tutupie, wanaingia wenyewe kutafuta wastani, kutafuta uwezekano, kutafuta chochote. Testi inaleta video mpya, na testi hiyohiyo inaleta watazamaji wa video za zamani. Ni kama kusema miavuli inaleta mvua kwa sababu kila ukiona miavuli mingi barabarani kuna matope.

Tukaipima kwa video hewa tena, lakini safari hii tukaiweka mahali maalumu. Mwaka uliotangulia kulikuwa na testi kama hiyo, na wiki ile hatukutupia chochote kwa sababu kompyuta ilikuwa kwa fundi. Wiki bila mgeni kabisa. Za zamani zilipanda 165 juu ya kawaida yake ya wakati ule. Testi peke yake, mikono mitupu, ilikuwa imeleta 165. Kwa hiyo kwenye ile 240, sehemu kubwa ni ya testi, na iliyobaki kama 75 ndiyo huenda ni ya video mpya. Huenda tu, maana mwaka jana si mwaka huu, wanafunzi ni wengine na testi ni nyingine. Na 75 tayari imeingia kwenye eneo la mawimbi.

Unaweza pia kuangalia njia walizopitia watu. Takwimu zinakuonyesha nani kaja kwa kutafuta, nani kapendekezewa pembeni, nani kabofya lile dirisha la mwisho wa video, nani kaingia kupitia ukurasa wa chaneli. Nuru ya kweli inapaswa kuonekana kwenye hizo tatu za mwisho. Kwetu, ongezeko kubwa la wiki ile lilikuwa la kutafuta, jambo linaloelekeza kidole kwenye testi. Lakini si ushahidi wa kumaliza kesi, maana mtu anaweza kuiona video mpya, akavutiwa, halafu akatafuta nyingine kwa jina. Huyo ni nuru, ila kapitia mlango wa kutafuta.

Hapo ndipo sarafu ilipoingia. Tatizo letu lote lilikuwa kwamba sisi ndio tuliochagua wiki ya kutupia, na tunachagua wiki ambazo watu wanatuhitaji. Dawa yake ni kuacha kuchagua. Likizo tukarekodi video sita tukaziweka akiba. Muhula wa pili tukachukua wiki kumi na mbili, tukazigawa jozi sita, kila jozi wiki mbili zinazofuatana. Mwanzo wa kila jozi tunarusha sarafu ya mia mbili. Kikitokea kichwa cha Karume, tunatupia wiki ya kwanza na ya pili tunanyamaza. Wakitokea simba, tunanyamaza kwanza na kutupia ya pili. Testi ikija, ije. Inaweza kuangukia wiki ya kutupia au wiki ya kunyamaza, sisi hatuna kauli.

Kuna kanuni moja tuliiweka ambayo bila hiyo kila kitu kingeharibika. "Za zamani" maana yake ni video zilizokuwepo kabla jozi haijaanza. Ile mpya tunaitoa kwenye jumla wiki zote mbili, hata wiki yake ya pili ambapo imeshaanza kuzoeleka. Ukiiacha ihesabiwe kuwa ya zamani baada ya siku saba, wiki ya kunyamaza itapata mitazamo ya bure na utaona nuru imegeuka giza. Jozi ikiisha, ndipo mgeni anakuwa mwenyeji.

Ilikuwa ngumu, siwafichi. Jozi ya tatu testi ilikuwa Jumatatu na sarafu ikasema nyamazeni. Tuna video kamili ya somo lenyewe, watu wanaomba kwenye grupu, na rumeti anazunguka chumbani kama simba wa kwenye sarafu. "Mwana, tuitoe tu, nani atajua?" Nikamwambia tutajua sisi wawili. Aliyekuwa na shida kweli tulimtumia faili mkononi kwa flashi, maana sayansi isije ikamfelisha mtu.

Haya, matokeo. Kwa kila jozi tulitoa mitazamo ya za zamani ya wiki ya kunyamaza kwenye ile ya wiki ya kutupia. Tukapata jumlisha 85, jumlisha 40, toa 30, jumlisha 110, jumlisha 65 na jumlisha 20. Jumla yake ni 290, ukigawa kwa sita ni kama 48. Hiyo toa 30 ni ile jozi ya testi: testi iliangukia wiki ya kunyamaza na kuipandisha.

Je, inaweza kuwa bahati? Jozi tano kati ya sita ziliegemea upande wa rumeti. Kama video mpya haina nguvu yoyote, kila jozi ni kama kurusha sarafu. Sarafu sita zina matokeo 64, na yale yenye vichwa vitano au sita ni 7. Hiyo ni kama mara 11 kati ya 100. Kwa hiyo bahati peke yake ingeweza kutupa picha kama hii mara moja kati ya tisa hivi. Siwezi kuapa kwamba nuru ipo, lakini ningeweka dau la chipsi mayai kwamba ipo.

Ninachoweza kusema kwa nguvu zaidi ni kwamba si kubwa. Za zamani kwa wiki zinapata kama 1,400, kwa hiyo 48 ni asilimia tatu na nusu hivi. Na hizo video sita zenyewe zilipata wastani wa mitazamo 610 kila moja kwenye wiki yake ya kwanza. Kwa kila watu mia wanaomfuata mgeni, wenyeji wanaambulia wanane hivi. "Inalipa mara mbili" imekuwa inalipa mara moja na chenji.

Rumeti alikuja na pingamizi moja zuri, na namheshimu kwalo. Alisema nuru haizimiki siku ya saba, inavuja kuingia wiki inayofuata. Kama ni hivyo, kila tulipotupia wiki ya kwanza ya jozi, wiki ya kunyamaza iliyofuata ilipokea mabaki, na tofauti ikaonekana ndogo kuliko ilivyo. Yuko sawa. Jozi zilizoanza na simba, ambapo kunyamaza kulitangulia, hazina tatizo hilo ndani yake, ingawa zinaweza kupokea mabaki ya jozi ya nyuma. Kwa hiyo 48 ichukulieni kuwa ya chini kidogo. Lakini ili ifike kwenye mia sita, uvujaji ungepaswa kuwa bomba lililopasuka, na siku za mwisho za wiki ya kutupia hazikuonyesha hivyo. Ongezeko lilikuwa siku tatu za mwanzo, halafu mstari ukarudi kulala.

Kitu kingine tulichokiona, ambacho nakisema kwa tahadhari kwa sababu ni kesi mbili tu: zile 85 na 110 zilikuwa za video za "sehemu ya pili", ambazo ndani yake tunasema kama hujatazama ya kwanza rudi kwanza. Nyingine zilikuwa mada zinazosimama peke yake. Inaleta maana, mgeni anayeuliza habari za mwenyeji ndiye anayemponya. Lakini tuliligundua hili baada ya kuona namba, na ukitafuta mpangilio baada ya kuona namba hukosi kuupata. Muhula ujao tutalitabiri kabla, kisha turushe sarafu tena.

Mwisho wa ubishi tumekubaliana hivi. Tunatupia moja kila wiki mbili, na UE ikikaribia hatutupii kabisa, kwa sababu zile 43 za zamani testi inaziamsha yenyewe bila kutuomba usiku wetu. Akiba ya bando imenunua ndoo mpya. Rumeti alikaa kwenye supu yake akiwa amelala saa saba kamili, na ameipita.

Juzi kaniuliza kama kupita kwake ni kwa sababu ya usingizi au kwa sababu pepa lilikuwa rahisi. Nimemwambia atafute sarafu.

Alamsiki wadau.